Saa za Foleni Si Saa za Bure

Ni nadra siku hizi kumaliza semina ya ujasiriamali Dar es Salaam bila kukutana na hesabu hii. Msemaji anauliza: unakaa barabarani saa ngapi kwa siku? Ukumbi unaguna, saa nne. Anazidisha kwa siku tano, anazidisha tena kwa wiki hamsini, anapata saa 1,000. Kisha anatoa hukumu: mwenye saa 1,000 kwa mwaka halafu hasomi vitabu, hapigi simu za biashara wala hapangi mambo yake, huyo ni mvivu anayesingizia foleni. Makofi yanapigwa. Mimi nasema hesabu hiyo ameipigia ndani ya gari lenye kiyoyozi.

Tuchukue safari moja tuipasue. Karani anaishi Boko, kazi yake iko Posta, na ofisini anatakiwa saa mbili kamili. Anaamka saa kumi alfajiri ili saa kumi na moja na nusu awe kituoni. Daladala za kwenda Makumbusho zinafika zimejaa, kwa sababu wenzake wenye akili wamepanda zile zinazoelekea Bunju ili wageuze nazo. Nauli wanalipa mara mbili, lakini siti wanayo. Karani wetu akigeuza, amenunua siti kwa fedha na kwa dakika zaidi za usingizi. Asipogeuza, atasimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia mkoba, konda akimwambia asogee nyuma ambako hakuna pa kusogea. Kitabu akishike kwa meno?

Hata aliyepata siti, akifika Makumbusho anashuka na kugombania upya gari la Posta, na kipande hicho mara nyingi ni cha wima. Toa muda wa kungoja kituoni, toa kubadilisha gari, toa kipande cha wima. Katika saa mbili za asubuhi imebaki kama saa moja, tena kwa sharti la siti. Hiyo ndiyo ya kujadili, wala si zile 1,000.

Na ndani ya saa hiyo mwili una masharti yake. Macho yakitazama ukurasa yanauambia ubongo kwamba umetulia. Sikio la ndani, ambalo kazi yake ni kupima mwendo, linauambia kwamba unayumba, unasimama ghafla, unaruka tuta. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, kichefuchefu kinaanza. Dalili ya kwanza wala si tumbo. Ni miayo, uzito wa macho, mate kujaa mdomoni, kijasho chembamba kwenye paji la uso. Wengi hudhani kitabu kinachosha, wanajilazimisha kuendelea, wakifika ofisini kichwa kinagonga hadi saa nne. Kibaya zaidi ni ule mwendo wa foleni wenyewe, gari linaloondoka na kufunga breki kila baada ya mita chache. Kwa hiyo miayo ikianza, funga kitabu hapohapo, inua macho utazame barabara mbele. Siti za nyuma kabisa, nyuma ya tairi, hurusha na kuyumbisha zaidi. Za katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma, zina nafuu. Kusoma kwa kweli kuna nafasi pale tu gari limesimama kabisa, mathalani mmezuiwa na trafiki Mwenge. Hapo soma kurasa mbili tatu. Gari likitembea, sikiliza. Somo lililorekodiwa linakufaa kuliko kitabu, kwa sababu masikio hayana ugomvi na mwendo.

Lakini na masikio nayo yana kikomo. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 za kusikiliza kwa wiki, na sauti ikizidi hapo saa hizo hupungua haraka. Ndani ya daladala kuna injini, honi na redio ya dereva, nawe unaongeza sauti ya simu ili kuzishinda zote tatu. Kipimo rahisi ni hiki: ukishuka kituoni na sauti ileile ikakushtua kwa ukubwa wake, ulikuwa umepitiliza.

Sasa simu. Hapa ndipo wahamasishaji wanaponiudhi zaidi. Penye kelele mtu hupaza sauti bila kujijua, na mazungumzo ya dakika kumi ndani ya Coaster iliyojaa yanachosha koo na kichwa kuliko nusu saa mezani. Mtandao unakatika, unarudia sentensi mara tatu, na unayeongea naye anabaki na nusu ya ulichosema. Zaidi ya hapo, abiria wote wanasikia. Nimekaa jirani na mtu aliyetaja jina la mteja, kiasi anachodaiwa na tawi la benki anakopitishia fedha, kabla hatujafika Lugalo. Na aliyekaa dirishani, simu sikioni, kioo wazi, foleni imesimama, huyo anawaita vibaka. Simu ya biashara ipigwe kituoni kabla ya kupanda, au baada ya kushuka, ukitembea kwenda ofisini. Ndani ya gari inatosha ujumbe mfupi wa kuomba miadi: nikupigie saa tatu?

Kupanga ndiko kunakobaki, na kunawezekana hata ukiwa wima, maana hakuhitaji mikono wala macho. Ila kuwe kudogo. Chagua kazi moja ambayo isipofanyika leo kuna mtu ataumia, amua utaianza saa ngapi na kwa hatua gani ya kwanza, kisha iache. Anayepanga mwezi mzima kichwani kati ya Tegeta na Africana atashuka na wasiwasi. Mpango hatakuwa nao.

Na kuna matumizi ambayo hakuna semina inayoyataja: kulala. Karani wetu ameamka saa kumi. Jioni anafika nyumbani saa mbili, anapika, anakagua madaftari ya watoto, anaingia kitandani saa tano. Amelala saa tano, wakati mtu mzima anahitaji angalau saba. Akipata siti, dakika ishirini za usingizi zitamfaa kuliko sura yoyote ya kitabu cha mafanikio. Zisizidi sana nusu saa, kwa sababu usingizi ukizama anaamka mzito kuliko alivyolala. Aweke kengele ya mtetemo, mkoba aukumbatie mbele, na amwombe konda amwamshe Makumbusho. Safari ya jioni aiache kabisa bila kazi. Kichwa kilichofanya hesabu kutwa nzima hakijifunzi lolote saa kumi na mbili jioni kwenye joto la watu waliobanana.

Ninalowashuku wanaoeneza imani hii ni kwamba faida inakwenda kwa mwingine. Mfanyakazi akishaamini kuwa foleni ni muda wa kazi, bosi naye anaamini. Ndiyo maana kundi la WhatsApp la idara linaanza kulia saa kumi na mbili asubuhi, na ripoti inaombwa wakati mwenye kuiandika yuko wima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na kazi ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Mkuu wa idara anayetaka takwimu kutoka ndani ya daladala ana njia mbili: aandike saa hizo kwenye malipo ya ziada, au asubiri saa mbili kamili, karani akae mezani kwake.