Koki Isiyofunga Haitaki Misuli

Nyumbani kwa mama mkubwa, Tanga, tangi la lita 1,000 limekaa juu ya mnara wa zege wa mita nne. Chini ya mnara kuna geti valvu ya robo tatu inchi, ile koki ya shaba ya njano yenye usukani wa duara, iliyowekwa miaka 14 iliyopita. Siku bomba la jikoni lilipotaka mpira mpya, tuliuzungusha usukani hadi ukakwama, lakini maji yaliendelea kutoka jikoni kama vile hakuna aliyegusa kitu. Jirani, muuza vifaa na kijana wa fundi walitupa ushauri ambao nimeusikia katika nyumba nyingi. Karibu wote ni wa hatari, na nitaujibu mmoja mmoja.

Dai la kwanza: "Imekaza tu, tia spana kwenye usukani."

Aliyesema hivi anadhani kinachozuia ni ugumu. Ndani ya koki hii kuna kipande cha chuma chenye umbo la kabari, kinachoshuka na kupanda kama mlango wa kuteleza. Ili kifunge, lazima kikae sawasawa kwenye mfereji ulio chini. Kwa kuwa koki hukaa wazi miaka na miaka, mchanga, kutu ya bomba la chuma na magadi ya maji ya kisima hujilimbikiza humo mferejini. Kabari ikishuka inakalia uchafu, nawe unahisi imefika mwisho kumbe bado.

Spana haiuondoi uchafu huo. Inachofanya ni kupeleka nguvu yote kwenye spindo, ule mti mwembamba unaounganisha usukani na kabari. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji yenye chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, huila zinki polepole. Shaba inayobaki ina vitundu na haina nguvu. Ukiona mabaka mekundu na ukoko mweupe kwenye koki, hiyo ndiyo dalili. Spindo ya namna hiyo hukatika mkononi, na huenda kabari ikabaki mahali ambapo huwezi tena kufunga wala kufungua.

Badala ya kukaza, hesabu mizunguko. Koki ya mama mkubwa ilikwama baada ya mizunguko mitatu, wakati pacha wake kwenye bomba la uani ilizunguka karibu sita. Kwa hiyo kitu kilikuwa kimeizuia njiani. Kama ingezunguka yote sita na maji bado yanapita, tungejua kabari au kikalio chake kimeliwa. Na kama usukani ungezunguka bila kikomo na maji yasibadilike, tungejua tredi zimelika au kabari imeachana na spindo. Dalili hizi mbili za mwisho hazina dawa ila koki mpya.

Dai la pili: "Mwagia mafuta, italegea."

Mafuta unayomwaga juu hufika kwenye pakingi, ule mzingo laini ulio chini ya nati inayoshika spindo, na huishia hapo. Uchafu uko chini kabisa, upande wa pili wa kabari. Halafu hayo ni maji ya kunywa: mafuta ya gari, ya taa au ya breki hayana nafasi humo. Wako pia wanaopasha koki kwa moto. Moto huunguza pakingi, na bomba la plastiki lililo jirani halitaustahimili.

Kama usukani wenyewe ndio mgumu tangu mwanzo, legeza nati ya pakingi robo mzunguko, funika koki kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kisha zungusha usukani mbele na nyuma kidogo kidogo kwa mkono. Ukipaka kitu, kiwe grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya koki za maji ya kunywa. Ukimaliza, kaza nati mpaka matone ya pembeni ya spindo yakome, usizidishe.

Uchafu wa ndani huondolewa na maji yenyewe. Tulifungua kabisa bomba la uani lililo chini kuliko yote, baada ya kuvua kichujio chake. Tukafunga koki kwa mkono mpaka ilipogoma, tukairudisha nusu mzunguko, tukafunga tena. Kabari inapokaribia chini, maji hupita kwa kasi kwenye mwanya mwembamba na kuusafisha mfereji. Mara ya tano maji yalitoka mekundu, yakiwa na chembe za mchanga. Mara ya kumi na mbili usukani ulifika mizunguko mitano na nusu.

Dai la tatu: "Bado inapitisha, kwa hiyo haina kazi."

Hapa ushauri unakosea kwa upande mwingine. Tuliweka jagi la lita moja chini ya bomba, likajaa kwa dakika nne. Hizo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku: nyingi mno kuziacha zipotee, lakini chache kiasi kwamba kazi inawezekana. Tuliacha bomba la uani wazi ili maji hayo yapite huko, kwa kuwa liko chini ya la jikoni, na mpira ukabadilishwa bila tone kumwagika sakafuni.

Ila kuna mpaka. Koki inayovuja haitoshi kulinda mtu anayekata bomba, na kamwe usifungue kofia ya koki huku tangi lina maji.

Dai la nne: "Kubadilisha ni kufungua na kufunga tu."

Kwa kuwa koki bado ilivuja, tuliamua kuibadilisha. Hatari kubwa ya siku ya kubadilisha iko kwenye bomba lililobaki, kwa sababu tredi za chuma za miaka 14 hukatika kwa urahisi. Tulisubiri tangi lipungue kwa matumizi, tukafunga maji yanayoliingia, tukatoa yaliyobaki, tukasubiri dakika kumi kuona kama bomba la uani ni kavu kweli. Spana moja ilishika bomba lisizunguke, nyingine ndiyo ikageuza koki. Ingekuwa koki ya kabla ya mita, tungeiachia mamlaka ya maji, maana hiyo si ya mwenye nyumba kuichezea.

Tuliweka boli valvu ya shaba yenye tundu pana, inayofungwa kwa robo mzunguko, pamoja na yunioni ili siku nyingine itoke bila kukata bomba. Utepe mweupe tuliuzungusha kufuata mwelekeo wa kukaza, usije ukafumuka. Tulifungulia maji polepole, tukakausha maungio kwa karatasi laini na kuyatazama robo saa.

Boli valvu nayo hugoma ikiachwa bila kuguswa. Mama mkubwa sasa huifunga na kuifungua taratibu kila anaposafisha tangi. Ile ya zamani tuliipasua: mfereji ulikuwa umejaa ukoko mgumu, na kabari ilikuwa na mkwaruzo upande mmoja. Hapo ndipo lita 15 za kila saa zilipokuwa zikipita, na hakuna spana ambayo ingeziba mkwaruzo ule.