Kadi Iliyokaa Inasubiri

Vijana wetu wa gemu wameaminishwa kwamba gemu likikwamakwama, dawa ni kadi ya grafiki kubwa zaidi. Imani hiyo inakula fedha zao, nami naipinga.

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Mgololo. Akaingia kijana, kibarua wa msituni, amekumbatia mashine ya mezani iliyotumika ofisini, yenye prosesa Core i5-3470 ya mwaka 2012. Alikuwa ametoa kadi ya GTX 750 Ti na kuweka GTX 1650. Kwenye GTA V, fremu zilipanda kutoka 42 hadi 45 kwa sekunde. Basi.

"Fundi, nimeuziwa kadi feki."

"Tulia, mdogo wangu. Tuione kwanza ikiwa kazini."

Akafungua gemu, akaingia mjini penye magari mengi, akabonyeza Ctrl+Shift+Esc. Kadi ilikuwa inatumika asilimia 50 tu.

"Unaona? Nusu ya muda imekaa, inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Prosesa. Kadi haichori mpaka iambiwe gari liko wapi na nani anavuka barabara. Gawa 1000 kwa 45."

Kijana akatoa simu. "Ishirini na mbili na ushee."

"Hizo ndizo milisekunde za fremu moja. Kadi inatumia nusu yake, kama 11. Muda uliobaki ni wa kumngoja mwenzake. Hata ukiniletea kadi ya milioni mbili, utabaki kwenye 45."

"Lakini prosesa nayo inaonyesha 70, haijajaa."

"Huo ni wastani wa kori nne. Kazi kuu ya gemu hupangwa foleni moja, haigawanyiki sawasawa. Kori moja ikielemewa, zote zinaingoja."

Swali la kijana lilikuwa la maana, na ndipo wengi wanapopotea: wanaona 70, wanaamini prosesa ina nafasi.

Fundi akashusha ukubwa wa picha kutoka 1920x1080 hadi 1280x720. Kazi ya kadi ilipungua zaidi ya nusu, lakini fremu zikawa 46. Akarudisha ukubwa, kisha akapunguza `Population Density`, yaani wingi wa watu na magari mitaani, ambao ni mzigo wa prosesa. Zikafika 57. Bila kununua kitu kingine.

Kijana akanyamaza kwa muda mrefu. Kadi ile aliifanyia kazi miezi, na jaribio lile lingefanyika bure kabla hajatoa hata shilingi. Muuzaji anayetoa kadi bila kuuliza itawekwa kwenye prosesa gani hajamtendea haki mnunuzi wake.

Sisemi kadi hazifai. Ukishusha ukubwa wa picha na fremu zikapanda kwa kishindo, kadi yako ndiyo iliyoelemewa, hapo kanunue.