Neno moja katika kumbukumbu za mazungumzo laweza kuzaa mgomo

MADAKTARI wa hospitali za umma nchini walipogoma Desemba 5, 2016 na kukaa nje ya wodi kwa siku 100, hawakuwa wakidai jambo jipya. Walitaka makubaliano yaliyotiwa saini Juni 2013 yatekelezwe.

Chama chao, KMPDU, kilishikilia kuwa huo ulikuwa mkataba kamili. Serikali nayo ilisema haukuwa umesajiliwa mahakamani, na kwa hivyo haukuwa na nguvu za kisheria. Mgomo ulipokoma Machi 14, 2017, wagonjwa ndio waliokuwa wamelipia gharama ya mvutano huo.

Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inataka mkataba wa pamoja uwe wa maandishi, na uwasilishwe kortini kusajiliwa katika muda wa siku 14 baada ya kuafikiwa. Kabla ya kufika hapo, pande mbili hukutana mara nyingi, na kinachobaki baada ya kila kikao ni kumbukumbu zilizoandikwa na katibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukue mfano wa kikao cha kujadili marupurupu ya nyumba. Chama kinadai Sh6,000 kwa mwezi, mwajiri anatoa Sh3,000. Baada ya mapumziko, mwajiri anasema anaweza kufika Sh4,500 iwapo chama kitaondoa dai la marupurupu ya usafiri. Kiongozi wa chama anajibu: "Hilo tunaweza kulizungumza."

Katibu mwenye haraka ataandika: "Ilikubaliwa kuwa marupurupu ya nyumba yawe Sh4,500."

Sentensi hiyo fupi imefuta sharti la mwajiri, imegeuza pendekezo kuwa makubaliano, na imeficha ni nani aliyesema nini. Viongozi wa chama wataisoma mbele ya wanachama na kutangaza ushindi. Mwajiri ataisoma akiamini kuwa dai la usafiri limezikwa. Kikao kijacho kitaanza kwa ugomvi.

Maandishi ya haki kwa wote yangekuwa haya: "Mwajiri alipendekeza Sh4,500 kwa sharti kwamba dai la usafiri liondolewe. Chama kilisema kiko tayari kulijadili pendekezo hilo. Hakuna makubaliano yaliyofikiwa kuhusu kipengele hiki."

Hatari kama hiyo imo katika maneno "ilikubaliwa kimsingi", ambayo kila upande huyasikia upendavyo. Katibu hodari huuliza kabla watu hawajainuka: ni kiasi gani, kuanzia tarehe ipi, na kwa wafanyakazi wa daraja gani? Yakikosekana majibu, basi hakuna kilichokubaliwa.

Jambo la pili ni majina. Ni heri kuandika "chama kilisema" au "mwajiri alijibu" kuliko kumtaja mtu. Kiongozi wa wafanyakazi anayeonyesha dalili ya kulegeza msimamo huweza kuitwa msaliti na wenzake, naye meneja aliyefanya vivyo hivyo akaitwa na bodi kujieleza. Wote wawili wakiogopa karatasi, hakuna atakayethubutu kusogea.

Lakini kuchunga hisia za watu kuna mpaka wake. Tuseme mjumbe mmoja amepandwa na hasira na kuwaita mameneja wezi, akitaka hesabu ya fedha za bima. Tusi huachwa nje, ila dai halipotei: "Chama kiliomba hesabu ya matumizi ya fedha za bima."

Meneja naye akijibu kwamba watakaogoma watafutwa kazi, hicho si kishindo cha hasira tu. Ni tamko lenye uzito wa kisheria, na linaweza kuhitajika mbele ya msuluhishi au jaji. Katibu anayelilainisha liwe "mwajiri alieleza wasiwasi wake" atakuwa ameegemea upande mmoja, hata kama nia yake ilikuwa adabu. Ujumbe ukitoka mkutanoni, huandikwa saa ulipoondoka na sababu uliyotoa, bila kuongeza kwamba ulitoka kwa ghadhabu.

Katibu mara nyingi ni mwajiriwa wa idara ya wafanyakazi, hivyo chama humtilia shaka hata kabla hajashika kalamu. Dawa yake ni rasimu kupelekwa kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, wakati maneno yangali mbichi vichwani. Pasipokuwa na mwafaka kuhusu kilichosemwa, matamshi ya kila upande huandikwa sambamba, kisha viongozi wa pande zote hutia saini kila ukurasa.

Hata hivyo, saini hizo hazigeuzi kumbukumbu kuwa mkataba. Zinathibitisha tu kwamba wote wanakumbuka jambo lile lile. Mkataba wenyewe utabaki kuandikwa, kutiwa saini na kusajiliwa, na asiyefuatilia hatua hiyo ya mwisho ana funzo la kutosha katika siku zile 100 za madaktari.