Themostati ya Lori: Itolewe au Ibaki?

Msomaji wetu mmoja wa Walikale, mwanafunzi ambaye baba yake ni dereva wa lori, ametuuliza swali ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa urefu. Asema kwamba fundi mmoja wa huko aliitoa themostati katika injini ya lori la baba yake, akaitupa, akasema, “Kifaa hiki ni cha nchi za theluji, hapa kwetu jua latosha.” Tangu siku hiyo mshale wa joto hulala chini muda wote lori linaposhuka au kwenda tupu. Lakini likipakia mizigo na kupanda, maji huchemka upesi kuliko zamani. Kijana auliza: imekuwaje injini ile ile iwe baridi mno na tena iwe moto mno?

Swali ni zuri, na jibu lake halitaonekana mpaka tuyafuate maji katika safari yao ndani ya injini.

Mafuta ya dizeli yakiwaka ndani ya silinda hutoa joto jingi, wala si joto lote linaloisukuma gari. Kwa makadirio, theluthi moja hugeuka kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu, theluthi ya pili hutoka na moshi, na theluthi ya tatu hubaki katika chuma cha injini. Hiyo ya tatu ndiyo kazi ya maji. Tuchukue lori linalopanda kilima polepole, limejaa mchele na chumvi, injini ikitoa nguvu za farasi 80. Joto linaloingia katika maji yake karibu ni sawa na nguvu hiyo. Ukiliweka joto hilo chini ya lita moja ya maji baridi, yatachemka kwa muda wa sekunde 5 tu. Fikirini, basi: kila sekunde 5 za mlima ule, rejeta hupaswa kutupa nje joto la kuchemshia lita nzima!

Kazi hiyo hufanyika hivi. Pampu ya maji, inayozungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda, huyasukuma maji yapite katika mifereji iliyoachwa ndani ya chuma kuzunguka silinda, kisha yapande katika kichwa cha injini, mahali palipo na moto mkali kuliko pote. Kutoka hapo hupita katika bomba la mpira la juu na kuingia rejeta, ambayo wengine huiita radiateri. Rejeta ni vibomba vingi vyembamba vilivyounganishwa na mabati membamba kama karatasi, ili hewa inayovutwa na feni iguse chuma kingi kwa mara moja. Maji yakishapoa hutoka kwa bomba la chini na kurudi katika pampu.

Tumesema “yakishapoa,” lakini hapo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba maji hutoka katika rejeta yakiwa baridi kama ya mtungi. Sivyo hata kidogo. Katika lori letu, maji huingia rejeta yakiwa na digrii 88 hivi, na kutoka yakiwa na 80. Tofauti ni digrii 8 tu. Kinachoiokoa injini si ubaridi wa maji bali wingi wa maji yapitayo: zaidi ya lita 100 kwa kila dakika. Na kwa kuwa mzunguko wote una maji ya lita 20 hivi, maji yale yale hupita mara tano katika dakika moja. Ndiyo sababu mkanda wa pampu ukikatika mlimani, dereva hana nusu saa ya kufikiri. Ana dakika moja, labda mbili.

Sasa tuje kwa themostati. Hukaa njiani baina ya injini na rejeta, nayo ni mlango mdogo wa chuma unaojifungua wenyewe. Siri yake ni kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta maalumu. Maji yakiwa baridi, nta ni ngumu, na springi huushikilia mlango ukiwa umefungwa. Maji yakifika digrii 82 hivi, nta huanza kuyeyuka. Na nta ikiyeyuka huvimba, ikasukuma kijiti, na mlango ukafunguka kidogo. Maji yakizidi kupata moto, mlango huzidi kufunguka, mpaka karibu na digrii 95 ambapo huwa wazi kabisa. Yakipoa, springi huurudisha. Hakuna mtu anayeuamuru, wala hauhitaji umeme. Lori likipanda, mlango hupanuka. Likishuka katika mvua ya msitu, hujibana. Hivyo maji ya injini hukaa karibu na joto lile lile, nje kukiwa na jua kali au baridi ya usiku.

Lakini mlango unapokuwa umefungwa, pampu haisimami, na maji hayana budi kuwa na mahali pa kwenda. Kwa hiyo watengenezaji huacha njia fupi: maji hutoka katika kichwa cha injini na kurudi moja kwa moja katika pampu bila kuiona rejeta. Kwa njia hiyo injini hupata moto upesi na kwa usawa asubuhi. Na katika injini nyingi themostati ina vifuniko viwili juu ya kijiti kimoja. Kile kikubwa kikifungua njia ya rejeta, kile kidogo huifunga njia fupi.

Hapo ndipo lilipo jibu la kijana wetu. Fundi alipoitoa themostati, aliviondoa vifuniko vyote viwili. Njia ya rejeta ikawa wazi siku zote, na njia fupi pia ikawa wazi siku zote. Maji, kama mtu aliyechoka, hupenda njia nyepesi. Na njia fupi ni nyepesi kuliko vibomba vyembamba vya rejeta. Lori likiwa tupu, sehemu ndogo inayopita rejeta yatosha kuipoza injini kupita kiasi. Lakini lipandapo na mzigo, sehemu kubwa ya maji hurudi katika injini yakiwa na moto wake wote, nayo huchemka. Fundi alidhani amefungua mlango, kumbe alifungua na wa uani.

Tena ule ubaridi wa safari tupu si jambo la kufurahia. Silinda zikiwa baridi, dizeli haiwaki yote. Sehemu yake hushuka ukutani mwa silinda, ikaosha oili inayopasa kulinda chuma, kisha ikachanganyika na oili iliyo chini. Mvuke wa maji uletwao na moto huganda juu ya chuma baridi, na pamoja na salfa ya mafuta hufanya asidi inayokula silinda. Injini hula mafuta zaidi na kuzeeka kabla ya siku zake. Twamwelewa lakini yule fundi. Themostati ikiharibika, nta ikavuja, springi huufunga mlango moja kwa moja, na injini huchemka hata katika tambarare. Dereva aliyewahi kukwama hivyo katikati ya msitu, kwenye njia ndefu ya kwenda Lubutu, huichukia kwa haki. Dawa yake ni kuweka nyingine sandukuni, kwa maana si kitu cha bei kubwa. Ikiwa hakuna, yaweza kutolewa ili kufika nyumbani, nayo njia fupi izibwe kama ni bomba linaloonekana nje. Asiliache hivyo kwa miaka.

Kabla ya kuilaumu themostati, yatupasa kuhakikisha. Dereva na agusie kwa uangalifu, kwa nje, bomba la juu na la chini. Ikiwa injini inachemka, bomba la juu ni moto nalo la chini ni baridi, maji hayapiti: ama themostati imefungwa ama rejeta imeziba. Ikiwa yote mawili ni moto sana, maji yapita lakini hewa haitoshi. Hilo huonekana sana katika matope, pale lori linapovuta kwa gia ya kwanza bila upepo wa mwendo, na tope na mbegu za majani zimejaa katika mabati ya rejeta. Ioshwe kwa maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Na injini ikiwa baridi imewashwa, mapovu yakipanda katika rejeta bila kukoma, gasketi ya kichwa imeungua, na hapo themostati mpya haitasaidia kitu.

Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi. Twajua kwamba maji huchemka mapema mahali pa juu: Walikale karibu na digrii 97, Goma 95, na katika milima ya Masisi, penye meta 2000, 93 tu. Kifuniko huyabana maji kwa springi, hata huko Masisi yapite digrii 110 bila kuchemka. Basi mtu akikifungua ghafla injini ikiwa moto, maji yaliyokuwa yametulia huchemka yote mara moja na kumrukia usoni. Angojee nusu saa. Kisha aongeze maji kidogo kidogo, injini ikizunguka polepole, kwa maana maji ya kijito yakimwagwa katika chuma chenye moto mkali hupasua kichwa cha injini. Maji ya mvua ni bora kuliko ya mto wenye tope, na dawa ya rejeta iuzwayo madukani ni bora zaidi, kwa sababu huzuia kutu.

Mwishowe, namna ya kuipima themostati, ambayo hata wanafunzi waweza kuifanya jikoni. Ifungeni kwa uzi, mwiningʼinize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, mkatie moto. Nzuri itaanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na ikitolewa itajifunga yenyewe baada ya muda mfupi. Ikibaki imefungwa maji yakichemka, imekufa. Wenye kuishi milimani wasishangae ikiwa haikufunguka kabisa, kwa kuwa maji yao huchemka kabla ya kufika digrii 95. Na wakati wa kuirudisha, tundu dogo lililo ukingoni mwake liwe upande wa juu. Hilo ndilo tundu la kutolea hewa. Likiwa chini, hewa itabaki nyuma ya mlango, nayo nta, isiyoguswa na maji, haitajua kwamba injini inaungua.