Muuzaji Hakuongeza Hata Senti

Wasee, Januari 2023 nilikuwa napigia hesabu kamera ya dola 200 kutoka Shenzhen. Dola ilikuwa kama 124, so shilingi 24,800. Nikasema ngoja nijipange. Januari 2024 dola ikagonga 160 hivi. Kamera ile ile, bei ile ile ya muuzaji: 32,000!

Mimi niko Nairobi, yeye yuko Uchina. Mmarekani ameingilia wapi?

Fikiria kama muuzaji. Shilingi zangu atazipeleka wapi? Vipuri vingi ananunua kwa dola, washindani wake wanaandika ankara kwa dola, basi naye anafuata. Sisi nasi mafuta tunalipia kwa dola, kwa hivyo Benki Kuu yetu lazima iweke akiba ya dola. Nchi nyingi zikifanya hivyo, zinaikopesha Marekani, na kukopa kwa dola kunakuwa nafuu. Muuzaji anakopa dola pia, halafu anataka kulipwa dola. Mduara huo.

Marekani ikapandisha riba 2022 na 2023, pesa zikakimbilia huko. Sisi tulikuwa na bondi ya dola bilioni 2 ya kulipwa Juni 2024, na watu wakaogopa. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 kununua sehemu yake, na shilingi ikapumua.

Na usiniambie shilingi ikianguka angalau tunauza zaidi nje. Chai ya mnada wa Mombasa inauzwa kwa dola. Mnunuzi wa Pakistan haoni punguzo lolote.