Simu ya Ofisi Imebeba Siri za Watu

Tahadhari hii ni kwa kila ofisi yenye simu moja inayopokezanwa kwa zamu: sacco, zahanati, shule.

Simu hiyo ina siri zisizo zenu. Futeni leo.

Chukueni sacco yoyote nchini Kenya. Mwanachama anataka kumtumia mwanawe picha ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa ili amtolee pesa. Kwa bahati mbaya anabonyeza jina lililo juu ya la mwanawe. Ujumbe unaingia kwenye WhatsApp ya ofisi. Karani anacheka, anapiga skrinshoti, anamtumia meneja "kwa taarifa". Meneja anaitupa kwenye kundi la wafanyakazi.

Sasa hesabuni nakala. Ipo kwenye simu ya ofisi na kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo. Ipo kwenye kila simu inayojihifadhia picha. Mwenyewe akigutuka na kuufuta ujumbe wake, skrinshoti zinabaki.

Kitambulisho na PIN vikikutana, tapeli amebakiza kuiteka laini tu. Na karani atakayeachishwa kazi mwezi ujao ataondoka na picha hiyo mfukoni.

Ukomo wa kukaa na ujumbe kama huo uwe saa 24.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haitaji saa za kufuta. Inasema data isikae kupita muda unaohitajika kwa kusudi lake. Ujumbe uliopotea njia hauna kusudi kwenu. Saa hizo 24 ni za kumpigia mtumaji abadili PIN, kisha kufuta.

Anayeuona awe mmoja: aliyeupokea. Meneja aambiwe kwa mdomo. Haonyeshwi.

Kufuta gumzo hakutoshi. Fungueni hifadhi ya picha, kisha pipa la taka. Kwenye Google Photos, picha iliyokwisha kupandishwa mtandaoni hukaa pipani siku 60 msipoimwaga.

Kinachobaki ni mstari mmoja daftarini: tarehe, "picha ya kitambulisho na PIN", mtumaji amepigiwa, nani amefuta. Namba zenyewe zisiandikwe. Hapa ndipo watu makini hukosea: wananakili kila kitu ili waonekane wamefanya kazi, na daftari linakuwa uvujaji wa pili. Litunzwe mwaka mmoja, hadi ukaguzi upite, na alione msimamizi wa data peke yake.

Ujumbe ukiwa na tishio au dalili ya jinai, msifute. Nakala moja, mtunzaji mmoja, kwa ajili ya polisi.

Na kama ofisi ndiyo iliyokosea, ikamtumia mtu taarifa za mwanachama mwingine, hilo ni jambo jingine kabisa. Mwombeni aliyepokea afute. Lakini ninyi hifadhini kumbukumbu ya kilichotoka, saa ngapi, na kwa nani. Kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipogundua, na mwanachama mwenyewe aambiwe. Saa hizo hazingoji kikao cha bodi.