Alama ndogo ikifutwa, wakaaji wanadanganywa

Kuna tabia mbaya inayoendelea kwa wale wanaogeuza karatasi za vipimo vya maji kuwa jedwali la kompyuta. Wakikuta “<5” wanaandika 5, ama 0, ama wanaacha nafasi tupu. Wanasema wanasafisha. Sisi tunasema wanaharibu.

“<5” maana yake ni hii: chombo cha maabara hakiwezi kuhesabu chini ya 5. Maji yalipimwa, na jibu liko kati ya 0 na 5. Kuandika 0 ni kuapa kwamba hakuna sumu. Kuacha tupu ni kusema kisima hakikupimwa. Yote mawili ni uongo.

Tuchukue mfano wa visima vitano karibu na machimbo, vilivyopimwa madini ya risasi kwa maikrogramu katika lita moja. Shirika la Afya Duniani (OMS) limeweka kipimo cha 10. Karatasi inasema: A <5, B 12, C <5, D 5–9, E 20. Ukweli ni kwamba visima viwili kwa vitano vimepita kipimo. Sasa futa kila jibu lisilo namba kamili: vinabaki B na E, na ripoti itasema visima vyote ni vibaya! Mashine ya kusoma karatasi nayo ikipoteza kistari cha D, 5–9 inakuwa 59, na kisima salama kinafungwa. Ikipona hapo, programu ya jedwali inaweza kuigeuza 5–9 kuwa tarehe.

Dawa si ngumu. Kwanza, weka safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Pili, acha jibu la asili kama lilivyo, na pembeni yake ongeza mipaka miwili:

```
kisima,asili,chini,juu
A,<5,0,5
B,12,12,12
C,<5,0,5
D,5–9,5,9
E,20,20,20
```

Sasa hesabu wastani mara mbili: kwa safu ya chini ni 7,4, kwa ya juu ni 10,2. Basi andika “kati ya 7,4 na 10,2”, usijifanye unajua zaidi. Mwisho, hesabu alama za < na vistari kwenye karatasi, kisha kwenye jedwali. Zisipolingana, rudi kwenye karatasi.

Wengine watasema wakubwa wanataka namba moja tu. Lakini fikirini kisima kilichoandikwa “<20”. Kipimo ni 10. Hicho hakijulikani kama ni salama ama si salama. Kinahitaji kupimwa tena kwa chombo kikali zaidi. Ukifuta alama, umekihukumu. Ukiandika sufuri, umewaambia akina mama wachote. Nani amekupa ruhusa hiyo?